Bei Yako Ina VAT Ndani au Nje? Angalia Kabla ya Kusaini

Pesa imeingia kwenye akaunti ya biashara, simu imelia, umefurahi. Halafu unaangalia tena. Mbona si ile uliyoandika kwenye invoisi?

Maswali ya namna hii tunayapata sana kutoka kwa wateja wanaofanya kazi za huduma: wapiga picha, watengenezaji wa tovuti, washauri, watu wa matangazo. Wengi hudhani pesa imekwama mahali au makato yetu yamezidi. Mara nyingi pesa haijapotea njiani. Ilipungua siku mkataba uliposainiwa, kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikuandikwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Dada mmoja ana kampuni ndogo ya video pale Nakuru. Amesajiliwa kwa VAT, yaani ushuru wa ziada ya thamani. Kampuni ya Nairobi inamtaka atengeneze video za mafunzo kwa wafanyakazi wake. Wanaandikiana mkataba wa kurasa mbili, na kifungu cha malipo kinasema hivi tu: “Mteja atamlipa mtoa huduma shilingi 580,000 kwa kazi yote.”

Dada amepiga hesabu zake. Wapiga kamera, mhariri, kukodi taa, usafiri, vyote pamoja ni 430,000. Anabaki na faida ya 150,000. Kazi inaisha, anatuma invoisi: 580,000, VAT ya asilimia 16 ambayo ni 92,800, jumla 672,800.

Inaingia 545,000.

Anapiga simu kwa mhasibu wa mteja. “Halo, habari ya kazi. Naona mmetuma 545,000, na invoisi yangu ilikuwa 672,800.”

“Nzuri, madam. Sisi tumefuata mkataba. Unasema 580,000 kwa kazi yote, kwa hivyo VAT iko humo ndani. Halafu tumekata za KRA. Vyeti utaviona kwenye iTax.”

Hakuna aliyemwibia mwenzake hapo. Kila mmoja amesoma sentensi ileile na kuielewa kwa faida yake. Tuanze na VAT, kwa sababu ndiyo iliyokula pesa nyingi zaidi.

VAT ndani, VAT nje

Bei isiyo na VAT ndani ni bei ya kazi peke yake. Ushuru unakaa juu yake, na mteja anaulipa kama nyongeza. Bei yenye VAT ndani ni ile ambayo mteja akishalipa, amemaliza. Ushuru umo ndani na wewe ndiwe utautoa humo na kuupeleka KRA.

Kutoa VAT iliyo ndani kuna njia yake, na wengi hukosea hapa. Huchukui asilimia 16 ya 580,000. Ukifanya hivyo utapata 92,800, na si kweli. Ile 580,000 ni bei ya kazi, yaani 100, pamoja na ushuru, yaani 16. Jumla ni 116. Kwa hivyo unagawanya:

```
580,000 ÷ 1.16 = 500,000   (bei ya kazi)
580,000 - 500,000 = 80,000 (VAT)
```

Ukitaka kuhakikisha, rudi nyuma: asilimia 16 ya 500,000 ni 80,000. Imekubali.

Sasa angalia dada wa video. Alidhani ameuza kazi kwa 580,000. Kwa usomaji wa mhasibu, ameiuza kwa 500,000. Gharama zake hazijabadilika, bado ni 430,000. Faida imetoka 150,000 ikawa 70,000. Zaidi ya nusu imekwenda, na hajafanya kosa lolote kwenye kazi yenyewe.

Je, sheria inasemaje mkataba ukinyamaza? Sheria ya VAT ya 2013 inasema mwenye deni la ushuru kwa serikali ni muuzaji aliyesajiliwa, na pia inamruhusu kuudai kutoka kwa mnunuzi juu ya malipo ya kazi. Kwa hivyo dada ana hoja. Lakini mteja naye ana yake: tulikubaliana malipo ya kazi yote ni 580,000, na maneno “kazi yote” yapo kwenye karatasi uliyosaini. Mzozo kama huu unaweza kuvutwa miezi, na wakati unavutwa KRA haimngoji mtu. VAT hudaiwa kuanzia kile kinachotangulia kati ya kazi kukamilika, invoisi kutolewa na malipo kupokelewa, na ritani yake huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Invoisi ya Machi inadaiwa kufikia tarehe 20 Aprili, hata kama mteja atalipa Juni. Na kwa kuwa invoisi ya dada ilionyesha VAT ya 92,800, hiyo ndiyo KRA inaisoma kwenye mfumo wa eTIMS mpaka atakapoirekebisha kwa noti ya mkopo.

Haya yote yangezuiwa na maneno machache: “Bei hii haijumuishi VAT. VAT itaongezwa kwenye invoisi kwa kiwango kilichopo kisheria siku ya invoisi.”

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo si pambo. Kiwango hubadilika. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Mtu aliyekuwa na mkataba wa kila mwezi wa shilingi 116,000 na VAT ndani alikuwa akibaki na 100,000 kabla ya punguzo. Kiwango kiliposhuka akabaki na karibu 101,754, kisha Januari akarudi palepale. Mwenzake aliyeandika 100,000 bila VAT alibaki na 100,000 wakati wote, na mteja wake ndiye aliyelipa 114,000 badala ya 116,000. Kwa maneno mengine, VAT ikiwa ndani, kila badiliko la kiwango linakugusa wewe, likiwa zuri au baya. Ikiwa nje, linamgusa mteja.

Na kama bado hujasajiliwa? Usajili wa lazima huja mauzo yako yanayotozwa VAT yanapofika shilingi milioni 5 kwa miezi 12. Kabla ya kusajiliwa huruhusiwi kutoza VAT hata senti moja. Lakini ukiwa na mkataba wa mwaka mzima na biashara inakua, unaweza kuvuka mpaka huo katikati ya mkataba. Kama uliandika bei tu bila kusema lolote, mteja atakuambia bei ni ileile, na VAT itatoka mfukoni mwako kuanzia mwezi huo. Kwa hivyo hata mtu ambaye hajasajiliwa anafaa kuandika kwamba bei haijumuishi VAT, na kwamba itaongezwa iwapo atatakiwa kisheria kuitoza.

Kwa nini mteja mmoja anakubali na mwingine anakataa

Hapa kuna jambo ambalo watu wa huduma wengi hawalijui, na lingewasaidia sana wakati wa kuelewana bei.

Mteja aliyesajiliwa kwa VAT, na anayeuza vitu vinavyotozwa VAT, huweza kuidai ile VAT uliyomtoza. Anaikata kwenye ile anayoikusanya kutoka kwa wateja wake. Kwa hivyo ukimwambia 580,000 na VAT juu, gharama yake halisi ni 580,000. Ile 92,800 inapita tu mikononi mwake, mradi umempa invoisi halali ya eTIMS na aidai ndani ya muda wa miezi sita. Mteja wa aina hii akikuambia VAT iwe ndani, anakuomba punguzo la bei hata kama hasemi hivyo.

Shule ni tofauti. Huduma za elimu haziwi na VAT, na za matibabu vilevile. Kwa kuwa shule au zahanati haitozi wateja wake VAT, haina pa kuidai ile uliyoitoza. Kwake 672,800 ni 672,800 kamili. Akisema bajeti yake ni 580,000 na haiwezi kupita hapo, pengine anasema kweli. Basi wewe ndiwe wa kuamua mapema kama kazi hiyo unaweza kuifanya kwa 500,000. Kama huwezi, punguza kazi. Badala ya video tano, fanya nne. Ni heri kuyasema hayo kabla ya kusaini kuliko kuyagundua kwenye ujumbe wa malipo.

Sisi tunaona swali moja linatosha kwenye simu ya kwanza: “Je, ninyi huwa mnadai VAT?” Jibu litakuonyesha una nafasi kiasi gani.

Na zile zilizokatwa?

Turudi kwa mhasibu. Baada ya kusema bei ni 580,000 na VAT ndani, alikata mara mbili.

Kwanza alikata ushuru wa zuio, ule ambao anayelipa anauzuia na kuupeleka KRA kwa jina lako. Kwa huduma za kitaalamu, za usimamizi, za mafunzo na nyingine za aina hiyo zinazotolewa na mkazi wa Kenya, kiwango ni asilimia 5, na hukatwa malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000. Hukatwa kwenye bei ya kazi kabla ya VAT. Asilimia 5 ya 500,000 ni 25,000.

Pili, kampuni ile imeteuliwa na KRA kuzuia VAT. Si kila mteja ana uteuzi huu. Aliye nao huzuia asilimia 2 ya bei ya kazi, hapa 10,000, na kuipeleka moja kwa moja.

580,000 ukitoa 25,000 na 10,000 inabaki 545,000. Hesabu ya mhasibu ilikuwa sawa.

Watu huchanganya makato haya na hasara. Ile 10,000 ni sehemu ya VAT ya 80,000 ambayo dada angeilipa hata hivyo. Sasa atalipa 70,000, na bado ataondoa VAT aliyolipa yeye kwa vitu vya kazi. Ile 25,000 nayo ni ushuru wake wa mapato uliolipwa mapema. Akijaza ritani ya mwaka, anaidai kama mkopo. Kinachomuumiza ni mzunguko wa pesa: mhariri anataka kulipwa leo, na cheti hakilipi mhariri.

Makosa ya kuangalia ni mawili. Kuna mhasibu anayekata asilimia 5 kwenye jumla yenye VAT. Kwa mfano wetu angekata 29,000 badala ya 25,000. Gawanya kiasi kilichokatwa kwa bei ya kazi uone kama kweli ni asilimia 5. Kosa la pili ni baya zaidi: pesa imekatwa lakini cheti hakionekani kwenye iTax. Bila cheti huwezi kudai. Pengine mteja amekata na hajapeleka, au ameandika PIN isiyo yako. Usingoje mwezi wa ritani ndipo uulize. Mwandikie wiki hiyohiyo, na utaje nambari ya invoisi.

“Mimi nataka laki mbili mkononi”

Sasa kuna wale ambao hawataki kusikia habari ya makato. Mtu anasema: mimi nataka 200,000 mkononi, hayo ya KRA shauri yenu. Mteja akikubali, ndipo bei hupandishwa ili baada ya kukatwa ibaki ileile. Wahasibu huiita grosi-apu. Sisi tuiite kupandisha bei.

Hesabu yake huwaponyoka wengi. Ukiongeza asilimia 5 juu ya 200,000 unapata 210,000. Mteja anakata asilimia 5 ya 210,000, ambayo ni 10,500, na unabaki na 199,500. Shilingi 500 zimetoweka, kwa sababu ushuru unakatwa kwenye bei iliyopanda. Njia sahihi ni kugawanya:

```
200,000 ÷ 0.95 = 210,526.32
5% ya 210,526.32 = 10,526.32
Mkononi: 200,000
```

Kama umesajiliwa kwa VAT, pandisha bei kwanza, kisha ndipo uweke VAT juu ya bei hiyo mpya.

Lakini ngoja kidogo. Kati ya Mkenya na Mkenya, kifungu hiki wateja wengi hukikataa, na wana sababu. Ile 10,526.32 iliyopelekwa KRA imeandikwa kwa jina lako, na utaidai kwenye ritani yako. Kwa hivyo mteja amekulipa 200,000 mkononi, kisha akakulipia na ushuru wako wa mapato. Ukikipata, vizuri, lakini usishangae ukikataliwa. Kama shida yako ni pesa ya kuanzia kazi, omba malipo ya awali. Ni ombi rahisi kukubalika.

Mahali kifungu hiki kina meno ni pale wewe ndiwe unayelipa, na unayemlipa yuko nje ya Kenya. Tuseme duka lako la mtandaoni linamwajiri mtengenezaji wa programu wa huko nje kwa dola 1,000. Mkataba aliokutumia una sentensi ndefu kuhusu malipo kufanywa bila kukatwa chochote, na kama sheria inalazimisha kukata, mlipaji ataongeza hadi kiasi kilichokubaliwa kitimie. Unaipita haraka kwa sababu inafanana na vifungu vingine vyote.

Ada za kitaalamu kwa asiye mkazi hukatwa asilimia 20, isipokuwa pale makubaliano ya ushuru kati ya Kenya na nchi yake yanaposhusha kiwango hicho. Mshauri aliye raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hukatwa 15. Tukitumia 20, kifungu kile kinakufanya ulipe 1,000 ÷ 0.80, yaani dola 1,250: 1,000 kwake na 250 kwa KRA. Wengi wakisikia asilimia 20 hujitayarisha kwa 1,200, halafu hesabu inawagomea. Na ukiamua kumtumia 1,000 yote bila kukata, KRA itakudai wewe uliyetakiwa kukata, pamoja na adhabu na riba.

Kwa hivyo ukikutana na sentensi hiyo, una njia tatu: uifute, mgawane mzigo, au uikubali huku ukijua bei ya kweli ni 1,250. Ukiikubali, angalau ongeza kwamba akipata nafuu ya ushuru kwao kwa sababu ya cheti ulichompa, akurudishie kiasi hicho.

Dada wa Nakuru angeandika nini

Kifungu chake kingetosha kwa sentensi nne: “Bei ya kazi ni shilingi 580,000. Bei hii haijumuishi VAT, ambayo itaongezwa kwa kiwango kilichopo kisheria siku ya invoisi. Mteja anaweza kukata ushuru wa zuio na VAT ya zuio pale sheria inapomtaka, akihesabu kwa bei kabla ya VAT, na atahakikisha vyeti vinapatikana kwenye iTax. Kiasi kilichokatwa bila cheti kitahesabiwa kuwa bado hakijalipwa.”

Ile ya mwisho ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu inamfanya mteja naye awe na haraka ya kupeleka.

Kwa kifungu hicho, invoisi ya 672,800 ingesimama. Mteja angekata 29,000 za zuio na 11,600 za VAT, kisha kutuma 632,200. Malipo makubwa wakati mwingine huingia kwa mafungu mawili au matatu, kwa hivyo yajumlishe kwanza. Halafu weka vyeti kando yake: 632,200, na 29,000, na 11,600. Jumla inarudi 672,800, kama invoisi. Isiporudi, tofauti yake itakuonyesha pa kuuliza. Ikipungua 4,640, kwa mfano, mtu amekata asilimia 5 juu ya VAT.